Nani Mwingine Anapika Hapa?

Watu wa Mwanza hawakupanda mlimani kwa kufuata mandhari. Ardhi tambarare kati ya vilima na ziwa ni nyembamba, viwanja vyake vilikwisha zamani na kodi zake ni kubwa, kwa hiyo aliyekuja mjini kutafuta maisha alijenga pale palipobaki, yaani juu, katikati ya majabali. Ndivyo yalivyokua makazi ya Mabatini, Igogo, Isamilo na mitaa mingine ya milimani. Nyumba moja imeegemea jiwe, nyingine imejengwa juu ya msingi wa mawe ulio mrefu kuliko ukuta wenyewe, na njia ya kwenda kwa jirani ni ngazi za mawe zinazopita dirishani kwa mtu wa tatu. Gari haliingii. Bodaboda nayo inaishia chini, na kuanzia hapo mzigo ni wa kichwa au bega.

Serikali ilipotangaza kwamba Sensa ya Watu na Makazi itafanyika tarehe 23 Agosti 2022, kila kipande cha milima hiyo kilikuwa tayari kimegawanywa kwenye ramani na kupewa karani wake. Karani nitakayemfuata hapa ni wa mfano. Hana jina wala si mtu mmoja. Mlima anaoupanda, kanuni anazozifuata na mitego inayomsubiri ni ya kweli. Tumfanye mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa walimu walikuwa wengi miongoni mwa makarani. Amevaa kizibao, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mkononi ana kishikwambi, na mbele yake anatembea balozi, mzee anayeifahamu kila ngazi ya mtaa.

Kipande alichopewa kinaitwa Eneo la Kuhesabia Watu. Maeneo haya hukatwa miezi mingi kabla ya sensa ili kila karani awe na kazi anayoweza kuimaliza katika siku zilizopangwa. Kwa kawaida eneo moja huwa na kaya mia moja hivi, na mpaka wake hufuata kitu kinachoonekana kwa macho, kama barabara, mfereji au reli. Mlimani hakuna reli, kwa hiyo mpaka wa mwalimu wetu upande wa mashariki ni korongo la maji ya mvua, magharibi ni njia ya miguu, na juu ni jabali ambalo wenyeji wote wanalijua. Orodha aliyokabidhiwa, iliyoandaliwa wakati maeneo yanatengwa, ina kaya 94. Anachotakiwa ni kuzikuta zote, pamoja na nyingine yoyote ambayo orodha haikuiona.

Hapo kwenye nyingine yoyote ndipo ugumu wa kazi ulipo. Watu wakisikia kwamba sensa imeacha watu, hudhani walioachwa ni wale waliogoma, waliojifungia au waliomfukuza karani. Hao wapo, lakini karani anawajua, anaandika kwamba wamekataa, na mwenyekiti wa mtaa anakwenda kuongea nao. Wanaopotea kwa wingi zaidi ni watu ambao hakuna aliyewaficha. Ni wale ambao anayejibu maswali hakuwafikiria kwamba nao ni kaya.

Tuingie nyumba ya kwanza. Paa ni moja la bati na milango sita inatazama ua mdogo. Mwenye nyumba anapepeta mchele kibarazani.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Karibu mwalimu, karibu balozi."

"Asante, mama. Hapa kwako mna kaya ngapi?"

"Tupo wanne. Mimi na watoto, halafu vile vyumba vitatu nimepangisha."

Orodha nayo inasema nne. Karani mvivu angeandika nne na kuanza kuuliza majina. Huyu anajua kwamba kaya haihesabiwi kwa mlango, kitanda wala hati ya nyumba. Katika sensa zetu kaya ni mtu mmoja, au watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, hasa chakula. Wanaweza kuwa ndugu au wasiwe ndugu. Swali linalofaa hapo ni la jikoni: ukimtoa mama na wapangaji wa vyumba vitatu, nani mwingine anapika hapa?

Mama anafikiri kidogo. Yupo kijana wake wa kwanza, anaishi chumba cha uani na mkewe. "Lakini huyo ni mwanangu, si mpangaji." Anakula wapi? Anapika mwenyewe, tangu aoe ana jiko lake. Basi hiyo ni kaya ya pili. Kama angekuwa bado anachota kwenye chungu cha mama yake, angeandikwa kwenye kaya ya mama hata kama analala chumba cha mbali. Kilichoitenganisha kaya yake na ya mama ni jiko. Ukuta peke yake usingetosha.

Chumba kimoja kati ya vile vitatu wanaishi vijana watatu waendesha bodaboda. Kwa mama mwenye nyumba hao ni mpangaji mmoja, kwa sababu kodi inakuja mara moja. Karani anauliza wanakulaje. Wawili ni ndugu, wananunua unga na mkaa pamoja. Wa tatu anachangia kodi tu. Chakula chake ananunua kwa mama ntilie na pesa yake haichanganyiki na ya wenzake. Chumba kimoja, magodoro mawili, kaya mbili. Chumba kinachofuata kina mume, mke na mtoto mchanga, na cha mwisho kina mlinzi anayeishi peke yake. Nyumba iliyoandikwa nne imekuwa na kaya sita, na hakuna aliyedanganya. Mama alihesabu wanaomlipa, mtu aliyeandaa orodha akaandika alichoambiwa, na wawili wakaanguka katikati.

Mlango wa mlinzi umefungwa. Amelala, mama anasema, yuko lindo usiku kucha. Hapa linakuja jambo lingine ambalo wananchi wengi huliona la ajabu, nalo ni usiku wa sensa. Hesabu yetu ni ya watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya sensa. Karani anaweza kufika nyumbani kwako siku nne baadaye, bado atakuuliza kuhusu usiku uleule mmoja. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita ya usiku ule hahesabiwi, na mzee aliyefariki asubuhi yake anahesabiwa. Inaweza kuonekana ukatili kumwambia mama aliyejifungua jana kwamba mwanawe hayumo, lakini nchi yenye watu wanaohama, kuzaliwa na kufa kila saa haiwezi kuhesabiwa bila kuisimamisha mahali fulani, na mahali penyewe lazima pawe pamoja kwa wote.

Sasa mlinzi alikuwa kazini, kitanda chake kilikuwa kitupu. Je, naye ameachwa nje? Hapana. Aliyekesha kazini huandikwa kwenye kaya anakorudi asubuhi, kwa sharti kwamba hakuhesabiwa kwingine. Kanuni hiyohiyo inamshika muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya Bugando, na Mwanza inawashika watu wengine ambao Dodoma haiwajui, yaani wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na ule usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mwezi ulikuwa mwishoni kabisa, zimebaki siku chache kuandama mwingine. Giza la namna hiyo wavuvi hulisubiri. Kwa hiyo mwanamke anayejibu kwamba "usiku ule nililala mimi na wanangu tu" amesema kweli tupu, na mume wake atapotea kwenye hesabu ya taifa kama karani hataongeza swali: baba watoto yuko wapi, na alikuwa wapi usiku ule? Akiwa alitoka jioni na mtumbwi akarudi alfajiri, ni wa hapa. Akiwa amepiga kambi kisiwani Ukerewe kwa wiki tatu, basi karani wa kule kambini ndiye wa kumwandika, na kumwandika hapa ni kumhesabu mara mbili.

Sitaki msomaji adhani kosa la kuhesabu mara mbili ni dogo kuliko la kuacha. Yote mawili yanaharibu, ila hayafanani kitabia. Anayehesabiwa mara mbili huwa ni mtu wa kusafiri, mwanafunzi wa bweni au mgeni wa harusi, mtu mwenye sehemu mbili zinazomdai. Anayeachwa huwa ni mtu asiye na sehemu inayomdai hata moja. Ndiyo maana mlimani, kwenye vyumba vya kupanga, kuacha ndilo kosa la kuogopa.

Baada ya nyumba ya tatu njia inagawanyika, na karani anakutana na tatizo la mlima wenyewe. Mtaa wa viwanja vilivyopimwa unahesabika kirahisi: unaanza kona moja, unashika upande wa kulia, unazunguka mpaka unarudi ulipoanzia. Mlimani hakuna mstari. Njia inapanda, inapita nyuma ya choo cha mtu, inashuka hatua sita, inatokea kwenye uwanja wa nyumba ambayo kwa chini huwezi kuiona. Akipanda kwa kufuata macho, ataruka nyumba zilizofichwa na mawe. Akirudi kesho bila kukumbuka alikoishia, atagonga tena mlango wa jana.

Dawa yake ni ya zamani na haitegemei mashine. Anapanda kwa mikanda. Anatembea usawa mmoja wa mlima kutoka korongoni hadi njia ya miguu bila kupanda, mlima ukiwa upande uleule wa mkono, kisha anapanda ngazi chache na kurudi kwa usawa wa juu yake. Kila njia ya pembeni anaifuata mpaka mwisho wake, hata kama inaonekana inakwenda chooni, halafu anarudi pale alipoiacha. Kila mlango alioumaliza anauwekea alama kwa chaki. Na kwenye kila mlango anauliza swali moja la ziada ambalo dodoso halina: nyuma yako kuna nani?

Kishikwambi kinasaidia, lakini hapa kinahitaji kuongozwa. Kina ramani ya eneo na picha ya setilaiti, na kinaonyesha kwa kidoti mahali karani aliposimama. Picha ile imepigwa kutoka juu kabisa, kwa hiyo mlima unaonekana umelala chini kama karatasi. Nyumba mbili ambazo moja iko juu ya nyingine kwa urefu wa ghorofa mbili, kwenye ramani zimegusana mabati. Kidoti chenyewe nacho kinayumba. Mawimbi ya setilaiti yakigonga jabali na kurudi, simu au kishikwambi hupotea kwa mita kumi na zaidi, na mita kumi mlimani zinatosha kukuweka kwa jirani, au ng'ambo ya mpaka. Zaidi ya hayo, picha huhesabu mapaa. Tumekwisha ona paa moja lenye kaya sita.

Karibu na kilele balozi anataka kugeuka. "Hapo juu hakuna mtu, mwalimu, ni mawe tu." Karani anaona kamba ya nguo imefungwa kwenye mti unaochungulia nyuma ya jabali. Kwa anayejua kazi, kamba ya nguo ni taarifa. Moshi, ndoo, kuku na njia iliyokanyagwa ni taarifa vilevile. Anazunguka jiwe. Kuna chumba kimoja cha matofali, ukuta wake wa nyuma ni jabali lenyewe na nusu ya paa imefunikwa na mwinuko wa jiwe, ndiyo maana haikuonekana kwenye picha. Ndani kuna mwanamke na watoto wawili waliohamia miezi minne iliyopita. Balozi hakuwaficha. Alipopita kwa mara ya mwisho hawakuwepo, na wao hawakujua kwamba inawapasa kujitambulisha kwake. Kodi za juu ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu maji yako chini. Ndiyo sababu wageni wa mji huanzia juu, na ndiyo sababu orodha huzeeka haraka zaidi pale pale ambapo kufika ni taabu.

Upande wa korongo kuna ugomvi mdogo wa kistaarabu. Nyumba moja imejengwa juu ya mfereji wenyewe, nguzo mbili ng'ambo hii na mbili ng'ambo ile. Karani wa eneo jirani naye amekwisha ipigia hodi. Katika hali kama hii makarani wawili hawatakiwi kuelewana kimoyomoyo kwamba "huyo ni wako." Namna hiyo nyumba huachwa na wote, kila mmoja akiamini mwenzake kaichukua. Wanasimama pamoja mbele ya mlango mkuu, wanampigia msimamizi, na kaya inaandikwa mahali mlango mkuu ulipo, papo hapo, mmoja akishuhudia.

Kisha kuna umri. Nyumba iliyo chini ya jabali anaishi bibi peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwangaluka."

"Una miaka mingapi, bibi?"

"Sabini."

Sabini, sitini, hamsini: watu wasio na cheti cha kuzaliwa hupenda miaka inayoishia na sifuri au tano, na wanatakwimu wakichora umri wa watu wengi huona vilele virefu kwenye namba hizo na mabonde pembeni yake. Karani ana kalenda ya matukio kwa ajili hii. Anamuuliza bibi kuhusu vita vya Kagera. Bibi anakumbuka vizuri: Amin alipovamia, mwaka 1978, alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, bado ananyonya. Na Azimio la Arusha je? Anacheka. Wakati ule alikuwa mdogo, anambeba mdogo wake, hajaanza hata kuchunga mbuzi peke yake. Azimio ni la mwaka 1967. Msichana mwenye miaka minane hivi mwaka huo atakuwa na kumi na tisa mwaka 1978, umri unaokubaliana na mzazi wa mara ya kwanza. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1959, na mwaka 2022 ana miaka 63. Kwa vijana wa Mwanza kipimo kizuri zaidi ni kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996. Hakuna nyumba kandokando ya ziwa isiyokumbuka nani alikuwa tumboni na nani alikuwa darasa la ngapi. Mazungumzo haya yanachukua muda, na bibi mwenyewe haoni tofauti. Kwa anayepanga huduma za wazee, miaka saba ni kitu kikubwa.

Milango iliyofungwa ndiyo inayokula siku. Kuna kijana anayeondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni na kurudi saa tatu usiku. Karani anaandika, anaacha ujumbe kwa jirani, anarudi jioni, anarudi alfajiri. Inajaribu sana kumuuliza jirani na kumaliza. Jirani anaweza kusema kwamba mtu yupo, na pengine ni mwanamume wa makamo, lakini hajui kama alisoma mpaka darasa la ngapi, wala kama chumbani huwa anapokea mdogo wake. Mwaka 2022 siku za kuhesabu zilianza tarehe 23 hadi 29 Agosti, kisha ambao hawakufikiwa wakaongezewa siku mpaka tarehe 5 Septemba, na zikatangazwa namba za simu za kupiga kama hujahesabiwa. Nyongeza hiyo iliwaokoa hasa watu wa namna ya kijana huyu.

Wengine wapo, mlango uko wazi, ila wanapunguza. Mwenye nyumba anaogopa kwamba idadi ya wapangaji itamfikia mtoza kodi. Mpangaji anaogopa mwenye nyumba asijue kwamba chumba cha mtu mmoja wanalala watatu. Karani amekula kiapo cha kutunza siri, na Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu mmoja mmoja kutumiwa nje ya takwimu. Kuyasema hayo mbele ya balozi na majirani watatu waliosimama mlangoni hakusaidii. Karani mzuri humwomba balozi amsubiri njia panda. Balozi anafaa sana kufungua mlango, na anafaa zaidi akiwa mbali maswali yanapoanza.

Mwisho wa kazi mwalimu wetu ana hesabu hii. Kati ya kaya 94 za orodha, tatu hazipo tena: mbili zimehama na moja imebomoa nyumba baada ya jiwe kuteleza. Mpya alizokuta ni nane, zikiwemo mbili za uani kwa yule mama na moja ya nyuma ya jabali. Jumla ni 99. Je, ni sahihi?

Msimamizi aliye chini ya mlima ana njia za kunusa kazi mbovu bila kupanda. Kila dodoso lina saa lilipoanza na kuisha, na mahali lilipojazwa. Madodoso kumi yaliyojazwa kwa dakika saba saba, yote kidoti kikiwa palepale njiani, yanaonyesha karani aliyeketi na balozi kivulini akaandika anachoambiwa. Kaya nyingi zisizo na mtoto hata mmoja chini ya mwaka zinaonyesha vichanga vimesahauliwa, kwa maana wazazi wengine humwona mtoto asiyepewa jina kuwa bado si wa kutajwa. Umri unaoishia na sifuri na tano ukizidi, kalenda ya matukio haikutumika. Na eneo ambalo hesabu imelingana na orodha kabisa, 94 kwa 94, mlimani, baada ya miezi yote ile, linatia shaka kuliko la huyu mwalimu mwenye 99.

Bado hiyo yote ni kukagua anachokuwa nacho karani. Alichokikosa kinapimwa kwa njia nyingine. Baada ya sensa, maeneo machache huchaguliwa kwa kura na kuhesabiwa upya na watu wengine ambao hawaonyeshwi majibu ya kwanza. Tuseme eneo letu limechaguliwa, na timu mpya imepata kaya 100. Usikimbilie kusema kwamba mwalimu alikosa moja. Zinalinganishwa orodha mbili, jina kwa jina, mlango kwa mlango, na inaonekana kaya 90 zimo katika zote mbili. Maana yake, kati ya kaya mia zilizokutwa na timu ya pili, mwalimu alikuwa ameziona tisini. Kama macho yake yanakamata tisini katika kila mia, basi kaya 99 alizoandika ni sehemu ya tisini katika mia ya kaya zote zilizopo. Zidisha 99 kwa 100, gawanya kwa 90, unapata 110. Mwalimu aliyekuta tisa zilizomo kwake pekee, na timu iliyokuta kumi zilizomo kwake pekee, wote wawili wamepitwa na moja hivi ambayo hakuna aliyeiona. Kwa kweli hesabu hii hufanywa kwa watu wa maeneo mengi kwa pamoja, na kwanza huondolewa walioandikwa kimakosa, lakini mwendo wake ndio huo.

Ina udhaifu mmoja mkubwa, na mlimani ndiko unakoonekana vizuri. Hesabu inadhani kwamba kukosekana mara ya kwanza hakuongezi uwezekano wa kukosekana mara ya pili. Kijana wa sokoni anaondoka alfajiri siku zote mbili. Mpangaji wa tatu anafichwa na mwenye nyumba mara zote mbili. Balozi yuleyule anawaambia watu wa timu ya pili kwamba kule juu ni mawe tu. Ambao ni wagumu kuonwa huwa wagumu tena, wanakosekana kwenye orodha zote mbili bila kuacha alama, na kile kipimo cha 110 kinakuwa kimepungua bila kuonyesha kwamba kimepungua. Njia ya kupunguza tatizo ni kuifanya timu ya pili isifanane na ya kwanza: saa nyingine za kugonga, mwongozaji mwingine, na kuanzia kileleni kushuka badala ya kupanda.

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: Watanzania 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Wastani ulikuwa watu 4.3 kwa kaya. Mwanza takwimu za kaya zinaingia moja kwa moja kwenye mabomba. Vilima hivi ni vya mawe, shimo la choo halichimbiki, na baadhi ya mitaa ya juu imejengewa mfumo rahisi wa majitaka wenye mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba. Bomba kuu la chini hupimwa ukubwa kwa idadi ya watu wanaoishi juu yake. Likipimwa kwa ile nyumba ya mama yenye kaya nne, na juu zikawa sita, litaziba, na yatakapofumuka yatafumukia kwa walio chini.

Kwa hiyo kama unaishi kwenye nyumba ya kupanga, na karani akaja wakati mwenye nyumba ndiye anayejibu, toka nje usimame. Mtajie karani nani analala chumbani kwako, nani yuko lindo, nani yuko ziwani, na kichanga kina siku ngapi. Kisha muonyeshe njia ya kwenda kwa yule anayekaa nyuma yako.